Kwa wanaoanza Kipolandi: zdawałam si zdałam

Ukitoka kwenye chumba cha mtihani, swali la kwanza la Mpolandi ni hili: "I co, zdałaś?" ukiwa mwanamke, au "I co, zdałeś?" ukiwa mwanamume. Anauliza kama umefaulu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa lugha hapa Łódź, mama mwenye nyumba aliponiuliza hivyo nilimjibu "zdawałam", nikiamini nimemwambia nimefaulu. Akanipa pole, akaniandalia chai, akaniambia nisikate tamaa, nitarudia. Nami nilikuwa nimefaulu. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba nilichomwambia ni kuwa nilifanya mtihani, basi. Mtu aliyeulizwa zdałaś akajibu zdawałam, Mpolandi anaelewa kwamba mtihani ulifanywa ila matokeo ni mabaya.

Nawaandikia nyinyi mnaokuja kusoma huku kwa sababu jambo hili, na lile la mwisho wa kitenzi kubadilika kwa jinsia, ndiyo mambo mawili niliyoona yakiwasumbua Waswahili wenzangu kwa muda mrefu kuliko matamshi au zile hali saba za nomino. Matamshi yenyewe hayatawasumbua sana. Ile ł inasomwa kama w yetu, kwa hiyo czytała ni "chitawa". Hilo mtalizoea ndani ya wiki.

Karibu kila kitenzi cha Kipolandi huja na mwenzake. Mmoja huitwa niedokonany na mwingine dokonany. Ukifungua kamusi ya Kipolandi utaona vifupisho ndk na dk kando ya kila kitenzi. Niedokonany hutazama tendo kutoka ndani, likiwa linaendelea, likijirudia, au likitajwa tu kwamba lilikuwapo. Dokonany hulitazama tendo kwa nje kama kitu kimoja kizima kilichofika kwenye kikomo chake. Zdawać ni ndk: kuwa kwenye mtihani. Zdać ni dk: kuuvuka. Ndiyo maana Mpolandi anaweza kusema bila kujipinga "zdawałam, ale nie zdałam", yaani nilifanya lakini sikufaulu.

Kiswahili nacho kina mahali ambapo hutenga tendo na kikomo chake, ila sisi hutumia maneno mawili yasiyofanana. Tunasema kutibu na kuponya. "Lekarz go leczył, ale nie wyleczył": daktari alimtibu lakini hakumponya. Mpolandi anafanya hivyo hivyo kwa leczyć na wyleczyć, tofauti ni kwamba kwake hali hii imeenea lugha nzima, hata kwenye kunywa chai na kufungua mlango. Huwezi kusema kitenzi kilichopita bila kuchagua upande.

Mtego mkubwa kwetu ni -me-. Vitabu vyetu vya sarufi huita -me- hali timilifu, na neno dokonany lenyewe lina maana ya kilichotimizwa, basi mwanafunzi anaunganisha hayo mawili na kufunga daftari. Mimi nilifanya hivyo muhula mzima. Chukua swali "Umesoma kitabu hiki?" Mpolandi anayetaka tu kujua kama unakifahamu atauliza "Czytałaś tę książkę?" na hiyo ni ndk, hata kama ulikisoma hadi ukurasa wa mwisho. Anauliza kama jambo hilo limewahi kutokea maishani mwako. Mwalimu aliyekupa kitabu hicho Jumatatu na anakudai Ijumaa ndiye atakayeuliza "Przeczytałaś?" kwa sababu yeye anataka kujua kama umekimaliza.

Sasa chukua dirisha. Umeingia chumbani, dirisha limefungwa, lakini kuna baridi. Unasema "Ktoś otwierał okno", yaani kuna mtu alilifungua, kisha likafungwa tena. Ukikuta liko wazi, unasema "Ktoś otworzył okno". Hapa -me- yetu, "kuna mtu amefungua dirisha", inaangukia kwenye dk, kwa sababu matokeo bado yapo machoni. Kwa hiyo -me- inagawanyika. Inapobeba maana ya "umewahi", Kipolandi mara nyingi kinataka ndk. Inapobeba matokeo yaliyobaki, kinataka dk.

Kama unataka kitu cha Kiswahili kitakachokuongoza vizuri zaidi, shika -ka-. Tunaposimulia "nikaamka, nikavaa, nikatoka", kila -ka- inafunga hatua moja na kuipisha nyingine. Kwa Kipolandi mnyororo huo ni wa dk: "wstałam, ubrałam się, wyszłam". Na pale tunaposema "nilikuwa nasoma, simu ikalia", kile cha nyuma ni ndk na kile kinachokikatiza ni dk: "Czytałam, kiedy zadzwonił telefon". Mazoea ya zamani, "nilikuwa nikinywa kahawa kila asubuhi", ni ndk pia: "Codziennie rano piłam kawę". Nikisimulia jambo kwa Kipolandi hadi leo, huwa nalisimulia kwanza kimoyomoyo kwa Kiswahili nikitega sikio mahali -ka- inapojitokeza.

Kipimo kingine cha kutegemea ni muda. "Przez dwie godziny" maana yake ni kwa muda wa saa mbili, na huenda na ndk: "Pisałam list przez dwie godziny". "W dwie godziny" maana yake ni ndani ya saa mbili, kazi ikaisha, na huenda na dk: "Napisałam list w dwie godziny". Ukiona unatatizika kuchagua, jaribu kuongeza moja ya hizo mbili kwenye sentensi yako uone ipi inakaa. Na baada ya zacząć, skończyć na przestać, yaani kuanza, kumaliza na kuacha, kitenzi kinachofuata ni ndk daima. "Zaczęłam pisać" ni sahihi. "Zaczęłam napisać" hakuna Mpolandi atakayeisema.

Ukanushaji nao una uzito wake, hasa ukiwa kwa daktari au mbele ya mtu wa ofisi. "Nie zdawałam" ni sikufanya mtihani kabisa. "Nie zdałam" ni nilifeli. Daktari akikuuliza "Brała pani te tabletki?" anataka kujua kama umekuwa ukitumia dawa hizo, kwa siku kadhaa au wakati wowote. Akiuliza "Wzięła pani tę tabletkę?" anazungumzia kidonge kimoja, kama umeshakimeza au bado. Brać na wziąć ni jozi moja ingawa hazifanani hata kidogo, na zipo chache za namna hiyo unazopaswa kuzikariri tu: mówić na powiedzieć, kusema, oglądać na obejrzeć, kutazama.

Usikubali kuambiwa kwamba dk ni kitenzi kilichoongezwa kiambishi mbele. Pisać na napisać ni jozi kweli. Lakini podpisać ni kutia saini, przepisać ni kunakili, na opisać ni kueleza sura ya kitu. Hizo ni dk za vitenzi vingine vyenye ndk zao wenyewe: podpisywać, przepisywać, opisywać. Na kuna jozi ambazo aliye mfupi ndiye dk: dać na dawać, kutoa, kupić na kupować, kununua. Zdać na zdawać zimo humo. Tangu siku ile ya chai nimekuwa nikiandika vitenzi viwili viwili kwenye mstari mmoja wa daftari, ndk kushoto na dk kulia, wala siandiki kitenzi kipya mpaka nimempata mwenzake.

Tuje kwenye mwisho wa kitenzi. Wengi wetu tunaogopa tunapoambiwa kitenzi hubadilika kwa jinsia, lakini Mswahili ana haki ya kuogopa kidogo kuliko wengine. Sisi tunasema kitabu kimeanguka, kalamu imeanguka, ua limeanguka, na mtoto wa miaka mitatu hakosei. Mpolandi anasema zeszyt spadł, książka spadła, krzesło spadło: daftari, kitabu, kiti. Ni ngeli zinazokaa mkiani badala ya kichwani. Ł peke yake ni ya kiume, ła ya kike, ło ya kati. Mtoto, dziecko, yuko kwenye ngeli ya kati awe wa kike au wa kiume, kwa hiyo "dziecko spało". Na mtu mzima wa kiume akitajwa kama osoba, yaani nafsi au mtu, kitenzi kitafuata neno hilo na kuwa cha kike: "ta osoba przyszła".

Kinachotushangaza ni kwamba anayesema naye yumo ndani ya ngeli hizo. "Nilisoma" ya Kiswahili haijui kama mimi ni mwanamke. Kipolandi kinadai kujua: czytałem akisema mwanamume, czytałam nikisema mimi. Tofauti ni irabu moja.

Ukijua asili yake, hutaiona kama adhabu. Zamani Kipolandi kilisema "czytał jeśm", maneno mawili: czytał kikiwa na tabia ya kivumishi, kama kusema "mwenye kusoma", na jeśm ikiwa "mimi ni". Kivumishi hufuata jinsia na idadi, si nafsi. Baadaye jeśm ilichakaa, ikabaki -m, ikagandamana na kivumishi. Ndiyo sababu nafsi ya tatu haina mkia wowote wa nafsi hadi leo. Czytał, czytała, czytało, czytali, czytały: hapo kuna jinsia na idadi tu, na nafsi haipo. Nafsi ya kwanza na ya pili ndizo zinazobandikwa: -m, -ś, -śmy, -ście.

Mikia hiyo haijagandamana kabisa. Utawasikia wazee wakisema "Gdzieś był?" badala ya "Gdzie byłeś?", ulikuwa wapi, mkia ukiwa umeruka kutoka kwenye kitenzi na kukalia neno la swali. Ukiisikia hiyo usidhani ni neno jipya. Hata mkazo unaonyesha hivyo. Kipolandi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hilo tuna bahati. Lakini "zrobiliśmy", tulifanya, katika Kipolandi sanifu mkazo wake uko kwenye bi, ya tatu kutoka mwisho, kwa sababu śmy haihesabiwi. Ni mgeni aliyebandikwa. Wapolandi wengi wenyewe hutamka zrobiLIśmy mitaani, kwa hiyo hakuna atakayekusuta, ila mtangazaji wa redio utamsikia akisema zroBIliśmy.

Katika mazungumzo ya kila siku, hapa ndipo utakapoteleza. Mtu hujifunza kwa kuiga, na unaowasikia zaidi si lazima wawe wa jinsia yako. Darasani kwangu wengi walikuwa wanaume, na neno nililolisikia mara nyingi zaidi lilikuwa "zapomniałem", nimesahau. Nikalibeba lilivyo, nikalisema kwa miezi. Hakuna aliyenirekebisha kwa sababu walielewa na walikuwa waungwana. Kijana mmoja wa Kikenya aliyekuwa akiishi na wapangaji wa kike alipata shida hiyo hiyo kwa upande wa pili: alikuwa akisema "byłam" kila mahali. Tiba tuliyoipata ilikuwa moja. Kila unaposikia kitenzi kilichopita kutoka kwa mtu, usikikariri mpaka umekigeuza kiwe chako, kwa sauti, papo hapo.

Ukiulizwa kwa "ty", yaani wewe ya kirafiki, kazi ni nyepesi kwa sababu aliyekuuliza ameshakuchagulia jinsia. Byłaś inakuwa byłam, byłeś inakuwa byłem. Unabadilisha herufi ya mwisho tu. Lakini kwa mtu usiyemzoea, ofisini au dukani, huitwi wewe. Unaitwa pani au pan, na kitenzi kinakuja kwa nafsi ya tatu: "Czy pani była wczoraj?", "Czy pan był?" Hapo mwanamke anaongeza m kwenye była. Mwanamume anapaswa kuongeza em kwenye był. Mwanamume asiyejua hilo husikia była inayoelekezwa kwa wanawake foleni nzima, anaichukua, anaongeza m, na tayari amejiita mwanamke.

Katika wingi ngeli zinakuwa mbili tu. -li ni ya kundi lenye mwanamume hata mmoja. -ły ni ya vingine vyote: wanawake watupu, watoto, ng'ombe, meza. Kwetu mbwa wamelala na watu wamelala, wote ngeli moja. Kwao "psy spały" na "kobiety spały" ziko pamoja, na "panowie spali" iko peke yake. Wanawake kumi wakiingia, weszły. Akiongezeka mume wa mmoja wao, weszli. Sikuizoea haraka, na naelewa kama itakukera, lakini ni sarufi wala si dharau. Angalia pia irabu: miał na miała, lakini mieli kwenye -li, kisha miały tena. Widział inafanya vivyo hivyo, widzieli na widziały. Na kitenzi iść, kwenda kwa miguu, ni szedł kwa mwanamume, szła kwa mwanamke, szli na szły, kwa hiyo mimi ni szłam na kaka yangu ni szedłem.

Tuone yote yakifanya kazi pamoja. Huu ni ujumbe niliomwandikia mwalimu mmoja nilipochelewesha kazi ya muhula, baada ya rafiki kunisahihishia:

"Pisałam pracę przez dwa tygodnie. W niedzielę skończyłam ostatni rozdział. Kiedy zapisywałam plik, komputer się zepsuł. Koledzy próbowali go naprawić, ale nie naprawili. Dwie koleżanki pożyczyły mi laptop. Pomagało mi pięć osób. Wczoraj odzyskałam plik."

Pisałam ni ndk kwa sababu ya przez dwa tygodnie. Naeleza nilichokuwa nikifanya. Skończyłam ni dk, hatua imefungwa. Zapisywałam ni ndk, kwa maana nilikuwa katikati ya kuhifadhi faili, na zepsuł się, ikaharibika, ndiyo iliyonikatiza. Komputer ni wa kiume, ndiyo maana ni ł tupu. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika "kiedy zapisałam plik", na rafiki yangu akaniuliza kwa nini basi naomba radhi, kwa sababu kwa maneno hayo faili lilikuwa limeshahifadhiwa salama kabla ya kompyuta kuharibika. Silabi moja iliyokosekana ilikuwa imeufuta udhuru wangu wote.

Próbowali na naprawili zina -li kwa kuwa koledzy ni wenzangu wa kiume. Ya kwanza ni juhudi, ya pili ni matokeo ambayo hayakupatikana, mtindo ule ule wa zdawałam, ale nie zdałam. Pożyczyły ina -ły kwa kuwa walionikopesha ni wanawake wawili. Kisha angalia "pomagało mi pięć osób". Watu watano, lakini kitenzi ni cha umoja na cha ngeli ya kati, pomagało. Kuanzia tano na kuendelea, idadi yenyewe inashika usukani na kitenzi kinakuwa -ło. Mbili, tatu na nne hufuata nomino kama kawaida: "trzy osoby pomagały". Zinazoishia na 2, 3 na 4 nazo hufuata hivyo, kama 22, isipokuwa 12, 13 na 14. Kwa wanaume ni tofauti kidogo. Utasikia mara nyingi "dwóch studentów przyszło", yenye -ło hata kwa wawili. Nilipoandika mara ya kwanza niliweka pomagali, na kwa masikio ya Kiswahili ilionekana sawa kabisa.

Nikitaka kuzoeza jicho, nasoma maandishi mafupi ya watu wa kawaida, si vitabu. Kwenye makaburi ya Wapolandi utakuta "żył lat 60" kwa mwanamume na "żyła lat 60" kwa mwanamke: aliishi miaka 60, ndk kwa sababu ni muda. Karibu yake kuna zmarł au zmarła, alifariki, dk kwa sababu ni mara moja. Anayetoka Arusha hana haja hata ya kupanda ndege kwa ajili hiyo, maana Tengeru yapo makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi walioishi hapo wakati wa vita kuu ya pili na miaka iliyofuata.

Na mkia huu hauishii kwenye wakati uliopita. Kitenzi cha dk hakina wakati uliopo, kwa hiyo "napiszę" ni nitaandika nimalize. Cha ndk kikitaka wakati ujao huchukua będę, na mara nyingi baada yake linakuja umbo lile lile la jinsia: "będę pisała" nikisema mimi, "będę pisał" akisema kaka yangu. "Będę napisała" haipo. Ombi la adabu nalo limejengwa juu ya umbo hilo, na utalihitaji siku ya kwanza dukani kabla hujasimulia lolote lililopita. Mwanamume anasema "chciałbym", mwanamke "chciałabym", ningependa. Hiyo a ya katikati ndiyo ile ła ya czytała. Itamke wazi, ila mkazo katika Kipolandi sanifu uko kwenye chcia, CHCIAłabym, kwa sababu bym nayo ni ya kubandikwa.